Mnara wa karata wa mita moja: vyumba vya mraba badala ya mahema

*"Mwalimu, mimi na binti yangu wa gredi ya saba tumekuwa tukijenga nyumba ya karata hapa Kisumu tangu shule zifungwe. Tunaegemeza mbili mbili kama hema, na tukifika ghorofa ya nne yote inamwagika. Yeye anataka mnara wa mita moja. Tununue karata gani, tujengee juu ya nini, na tuzipange vipi ili usimame?"*

Mzazi mwenzangu, acheni mahema. Mita moja mtaifikia kwa pakiti tano za karata za kawaida za karatasi, kipande cha plaiwudi kilicholala sakafuni, na vyumba vya mraba vilivyopandana ghorofa 16. Hakuna gundi, hakuna kukunja karata. Nitaeleza kwanza kwa nini hema linawaangusha, maana mkishaelewa hilo mengine yote yatakuja kwa urahisi.

Karata mbili zilizoegemeana hazibebi mzigo kwa kusimama. Zinabeba kwa kusukumana. Kule juu zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, na huku chini kila mguu unasukuma kwenda nje. Kinachouzuia mguu usiteleze ni msuguano kati ya ubavu wa karata na kile ilichokanyaga. Sasa, hema lisilobeba kitu linahitaji msuguano kidogo tu. Ukilipandishia ghorofa nyingine, hitaji hilo linapanda, na mzigo ukiwa mwingi linakaribia mara mbili ya lile la mwanzo. Ndiyo maana hema linalosimama vizuri likiwa peke yake linaweza kufunguka miguu mkiwa ghorofa ya nne, bila mtu kuligusa. Mtakuwa mmeona kwamba kuanguka kwenyewe huanzia chini, kwenye mguu wa pembeni kabisa, si pale mkono wenu ulipokuwa.

Kuna ubaya wa pili ambao watu wengi hawautazami. Piramidi ya mahema ya ghorofa 12 ingefika karibu mita moja na ingekula karata 222. Chini ingekuwa na upana wa zaidi ya nusu mita, kwa hiyo ukiitazama kutoka mbele inaonekana imara. Nenda ukaitazame kutoka ubavuni. Ni ukuta wenye unene wa sentimita sita tu, yaani upana wa karata moja, na hakuna chochote kinachouzuia usilale mbele au nyuma. Mnara nitakaowaeleza unatumia karata 256, zaidi kidogo tu, lakini umeshikwa pande zote nne.

Mtindo huu wa vyumba ndio msingi wa kazi za Bryan Berg, Mmarekani aliyesomea usanifu majengo. Mwaka 2007 alisimamisha mnara wa mita 7.86 kule Dallas, Texas, bila gundi wala kamba. Siri yake ni kwamba karata imesimama wima kabisa, kwa hiyo mzigo unashuka moja kwa moja hadi chini na hausukumi mguu nje. Karata iliyosimama peke yake inaanguka, bila shaka, lakini ukiishikia nyingine kwa pembe mraba katikati yake haiwezi kwenda popote. Na jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba kadiri ghorofa za juu zinavyoongezeka, zile za chini zinazidi kutulia. Uzito unabana kila ukuta kati ya slabu mbili, yaani karata zilizolazwa chini yake na juu yake. Ghorofa laini kuliko zote ni ile unayoijenga sasa hivi.

Sasa karata. Msinunue za plastiki, hata kama muuzaji atawasifia kwamba hazilowi maji. Zinateleza kama sabuni, na zinapinda kwa urahisi zikisimamishwa. Chukueni zile za karatasi za bei nafuu zinazouzwa kwenye supamaketi na vibanda vya vitu vya michezo. Nazo hazifanani, nyingine zimepakwa kitu cha kung'aa hadi zinateleza karibu kama plastiki. Njia ya kujua ni hii. Nunueni pakiti moja kwanza. Laza karata moja juu ya kitabu chenye jalada gumu cha urefu wa sentimita 30 hivi, mtoto aishikilie isisogee, kisha weka nyingine juu yake. Inua upande mmoja wa kitabu polepole ukiwa na rula pembeni. Kama karata ya juu inaanza kuteleza ukingo ukiwa umeinuka sentimita tano au sita, hiyo pakiti itawasumbua. Kama inangoja hadi tisa au zaidi, rudini mkanunue nne nyingine za aina hiyo hiyo. Msichanganye aina, kwa sababu tofauti ya nusu milimita katika upana wa karata ni ukuta mmoja mfupi na mwingine mrefu, na slabu itakayolala juu yake itacheza.

Pimeni pia upana. Karata nyingi zina urefu wa milimita 88, lakini upana wake uko wa aina mbili: milimita 63, au nyembamba zaidi za 57. Hesabu yangu ni ya zile za 63. Kwa zile nyembamba mpango ni ule ule, ila mtahitaji ghorofa 18 na pakiti sita.

Karata mpya zina mng'ao wa kiwandani. Zikichezwa wiki mbili tatu zinashika vizuri zaidi, mradi kona hazijavunjika. Chunguzeni moja moja. Yenye kona iliyokunjika au ubavu uliochanika itoeni kabisa katika kuta. Mnaweza kuilaza kwenye slabu ya ghorofa ya mwisho. Jokeri zitunzeni ziwe akiba ya kuchukua nafasi ya hizo.

Mkiwa Kisumu kuna suala la unyevu wa ziwa. Karatasi inanyonya unyevu, na ukinyonywa upande mmoja zaidi ya mwingine karata inajikunja kama gamba. Fungueni pakiti usiku wa kuamkia siku ya kazi, zipangeni katika marobota madogo, wekeni kitabu kizito juu, ziache zilale katika chumba kile kile mtakachojengea. Asubuhi zitakuwa zimezoea hewa ya hapo. Zile zitakazokuwa bado zimejikunja kidogo zitumieni kwa akili: mgongo uliobinuka uelekee nje ya chumba, tumbo lielekee ndani.

Upepo wa ziwa ndio unaowapangia saa. Jua likishapasha nchi kavu, hewa huanza kuingia kutoka ziwani, na hata madirisha yakifungwa chini ya mlango kuna mwanya. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Ghorofa moja ikiwachukua robo saa, ghorofa 16 ni saa nne nzima, na mtakuwa mmemaliza saa nne asubuhi kabla upepo haujapata nguvu. Mimi huku Nakuru nasumbuliwa na upepo wa mchana pia, na sijengi kitu kirefu baada ya chakula cha mchana. Viringisheni taulo muizibe ile nafasi chini ya mlango, na feni izimwe.

Kuhusu meza, jibu langu ni kwamba msitumie meza. Ya kulia chakula ina urefu wa sentimita 75 hivi, ukiongeza mita moja mnafika juu ya kichwa cha binti yako, naye atapanda kiti. Mtu aliyesimama kwenye kiti akinyoosha mikono hana mahali pa kuitulizia, na kiti kikicheza mkono nao unacheza. Na meza zetu nyingi zimefunikwa kile kitambaa cha plastiki chenye maua. Mnara wangu wa kwanza mrefu ulikufa juu ya kitambaa cha namna hiyo: kilikuwa na kiputo cha hewa ambacho sikukiona, na kilipolemewa kikashuka upande mmoja.

Jengeni sakafuni. Kama nyumba yenu ina sakafu ya saruji, hakuna msingi bora kuliko huo, kwa kuwa haitikisiki mtu akipita. Vigae vinateleza na mazulia yanabonyea, kwa hiyo juu yake wekeni kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 kwa 60, kisichopigwa vanishi. Fundi yeyote wa samani atawakatia kwenye mabaki. Pitisheni msasa laini kidogo tu, ile hali ya kukwaruza ibaki.

Kisha ubao uwe sawa. Omba pimamaji kwa fundi, au tumia ile ya kwenye simu. Pima kwa upande mmoja, geuza, pima wa pili. Ukingo mmoja wa ubao wa sentimita 60 ukiwa juu ya mwingine kwa milimita sita, juu kabisa ya mnara wa mita moja mtakuwa mmehama sentimita nzima upande. Mnara hautapinduka kwa hilo pekee, lakini kila ukuta utakuwa umeinama upande ule ule, na hapo ndipo kuta zinapoanza kulala moja baada ya nyingine. Sukumeni vipande vya karatasi iliyokunjwa chini ya kona ya ubao hadi kiputo cha pimamaji kitulie katikati.

Ghorofa ya kwanza nitaieleza karata kwa karata, kwa sababu zingine zote ni nakala yake.

Karata za kuta zinasimama kwa ubavu mrefu, si kwa ule mfupi. Mtaona ni kama mnapoteza urefu, lakini ukuta wa kimo cha 63 unastahimili mzigo karibu mara mbili ya ule wa kimo cha 88 kabla haujabetuka. Simamisha karata ya kwanza katikati ya ubao na uishikilie kwa mkono wa kushoto, kifundo cha mkono kikiwa kimelala juu ya ubao. Leta ya pili, ncha yake iguse katikati ya ile ya kwanza, ziwe kama herufi T. Acha ya kwanza ilalie ya pili kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri lakini mkono unakihisi. Zitasimama zenyewe. Ya tatu ielekee upande ambako ncha ya kwanza iko, na ncha yake iguse katikati ya ile ya pili. Ya nne inafunga chumba: ncha yake inagusa katikati ya ya tatu, na ncha ya ile ya kwanza inagusa katikati ya hiyo ya nne.

Ukitazama kutoka juu utaona chumba cha mraba cha sentimita nne na nusu hivi, na kutoka kila kona mkono mmoja umetokeza nje kama bawa la kinu cha upepo. Hakuna karata ambayo ncha zake mbili ziko hewani, na hakuna iliyoshikwa upande mmoja tu. Usipoona mabawa manne yanayoelekea mzunguko mmoja, kuna moja umeigeuza. Itoe sasa. Baada ya slabu kulala hutaweza.

Kuta nne za nje ni rahisi. Mwishoni mwa kila bawa simamisha karata moja, bawa liiguse katikati, T nyingine. Ziache zilalie ndani kidogo, zisilalie nje kamwe. Kila upande wa nyumba utabaki na mwanya wa sentimita nne karibu na kona moja. Huo ni wa kawaida, msijaribu kuuziba. Kuta ni nane, na nyumba nzima ina upana wa sentimita 13 hivi kila upande.

Slabu nayo ina mpango wake. Watu hulaza karata zikipandiana ovyo, halafu pale zilipopandana panakuwa na ngazi ndogo, na ukuta wa juu unakanyaga ngazi. Lazeni karata nne zikizungukana kama matofali yanayozunguka kisima: mwisho wa kila moja unakutana na ubavu wa inayofuata, katikati panabaki tundu la mraba la sentimita mbili na nusu. Hazipandani hata kidogo, na zinatoa mraba wa sentimita 15, unaozidi kuta kidogo pande zote. Tundu haliwadhuru kwa sababu kuta za chumba cha katikati ziko nje yake. Juu ya hizo nne lazeni nyingine nne, zikizunguka kinyume. Maungio ya safu ya kwanza yatafunikwa na safu ya pili, na slabu itakuwa ngumu kama kitu kimoja.

Karata ya slabu haidondoshwi. Ishike kwa vidole viwili vya kila mkono kwenye ncha zake, ishushe ikiwa sambamba na sakafu hadi ibaki nafasi ya punje ya mchele, kisha achia mikono yote miwili kwa pamoja. Ukiachia mmoja kwanza, ncha moja inatua na kusukuma ukuta kabla ya nyingine.

Nane za kuta na nane za slabu ni 16. Mara ghorofa 16, karata 256. Pakiti tano zina 260 bila jokeri, mnabakiwa na nne. Kila ghorofa inapanda milimita 63 na nusu hivi, zote pamoja mita moja na ziada kidogo, maana mtaizidi kwa sentimita moja au mbili. Uzito wote hautafika nusu kilo.

Ghorofa ya pili kuta zake zikae juu ya kuta za ya kwanza, mzunguko ule ule. Kupitia slabu hamzioni, kwa hiyo tumieni lile tundu la katikati: chumba cha mraba kilizunguke kwa nafasi sawa pande zote, kama sentimita moja kila upande. Ukuta ukitua hewani, katikati ya slabu, slabu itabonyea hapo na wa juu yake utabonyea zaidi.

Kila mnapomaliza slabu fanyeni vipimo viwili. Cha kwanza, bonyeza kila kona ya slabu kwa ukucha, kwa uzito wa punje ya mahindi. Ikicheza na kutoa mlio mdogo wa tiki, ukuta mmoja hapo chini ni mfupi au umelala. Ondoa slabu hiyo karata moja moja na ubadilishe huo ukuta. Ni bora kupoteza dakika kumi kuliko kuibeba kasoro hiyo ghorofa zote zinazobaki. Cha pili ni cha timazi. Funga nati kwenye uzi, mwombe binti yako aushikilie hatua moja mbali na mnara, nawe fumba jicho moja ulinganishe uzi na kona za mnara. Fanya hivyo kutoka pande mbili. Mnara ukiwa umeanza kuinama, ghorofa inayofuata isogezeni milimita moja upande wa pili, isizidi hapo. Anayejaribu kurekebisha mwinamo wote kwa ghorofa moja anaweka kuta zake pasipo na kuta chini.

Ukiwa unazungusha kila ghorofa mwelekeo mmoja, mnara unaweza pia kujisokota polepole, kona ya juu isiwe juu ya kona ya chini. Ule ule uzi utawaonyesha. Dawa ni kulinganisha ghorofa mpya na ukingo wa ubao sakafuni, si na ghorofa iliyo chini yake, kwa sababu kosa dogo linakopiwa na kuongezwa kila mara.

Kuanguka nako kunazungumza, kwa hiyo tazameni zilivyolala kabla ya kuzikusanya. Zikiwa zimetawanyika sawasawa pande zote, ghorofa moja ya kati ilivunjika, na karibu kila mara utakuta humo karata yenye kona mbovu. Zikiwa zimelala upande mmoja kwa mstari mrefu, ubao haukuwa sawa au mwinamo haukusahihishwa. Na kama ni ghorofa mbili za juu tu zilizoanguka, zilizobaki ziko wima, hapo ni mkono au pumzi. Kunjeni mikono ya shati, vidole viwe vikavu, na mtu anayeweka karata apumue kwa pua akitazama pembeni.

Mimi mwenyewe huwa naangusha zaidi kati ya ghorofa ya kumi na ya kumi na mbili, ambapo mnara umefika kimo cha kiwiko changu nikiwa nimepiga magoti, na mikono haina tena pa kulala. Wekeni stuli fupi au kreti ya soda kila upande, mbali na ubao bila kuugusa, mpumzishie viwiko hapo. Binti yako akae upande mmoja nawe upande wa pili, kila mtu ajenge kuta zilizo karibu naye. Kupitisha mkono juu ya mnara kwenda upande wa pili ndiko kunakoleta kiwiko kwenye kona.

Mkimaliza na kupiga picha, msiupulize. Karata zikianguka kutoka mita moja kona nyingi zinavunjika, na pakiti tano mlizozichagua kwa kitabu na rula hazitafaa tena kwa kuta. Zitoeni kutoka juu, slabu kwanza kisha kuta, na zile mtakazoona zimeinama muda huo zitieni alama ya kalamu mgongoni ziwe za slabu tu safari ijayo.